Saluni ya Nyegezi haionekani Kirumba: maelezo ya Google yaandikweje?

Swali: Habari za kazi kaka. Nina saluni ya kike Nyegezi, Mwanza, karibu na stendi ya mabasi. Nimeiweka Google Maps, na kwenye maelezo nimeandika "saluni bora Mwanza, saluni Nyegezi, saluni Kirumba, saluni Igoma, saluni Buzuruga, kusuka Mwanza, kusuka bei nafuu". Nikiwa saluni naiona ya kwanza, ila nilipokwenda kwa mdogo wangu Kirumba sikuiona kabisa. Nimekosea wapi, na hayo maelezo niyaandikeje?

Jibu: Nzuri dada. Tuanze na la Kirumba. Mtu akitafuta saluni kwenye ramani, Google huangalia mambo matatu: biashara inaendana kiasi gani na alichotafuta, iko umbali gani kutoka alipo, na inajulikana kiasi gani. Ukiwa umekaa ndani ya saluni yako umbali ni sifuri, kwa hiyo ni rahisi kujiona wa kwanza hata ungeandika nini. Ukifika Kirumba, kati yako na Nyegezi kuna katikati ya jiji pote na saluni zake. Neno Kirumba kwenye maelezo halikusogezi hata hatua moja. Kipimo cha haki ni kumwomba mtu aliyeko Butimba au Mkolani atafute "kusuka" kwenye simu yake. Huyo asipokuona, hapo kweli kuna kazi.

Sasa hicho kisanduku cha `Description`. Kinapokea herufi 750 pamoja na nafasi, na kwenye simu mara nyingi huonekana za mwanzo tu. Nyingine hadi mtu aguse kuendelea. Anayekisoma ameshakufungua. Hatafuti tena saluni, anajiuliza kama unasuka anachotaka na kama atapaona akishuka kwenye daladala. Wewe umemjibu kwa kumtajia mitaa minne na neno saluni mara tano. Nikiwa mteja ningedhani ni dalali.

Maneno ya huduma yana mahali pake pa kufanyia kazi ya kutafutwa, nako ni kundi la biashara na orodha ya huduma. Angalia kundi lako kuu kwanza. Saluni nyingi ninazozirekebisha zimewekwa `Beauty salon` wakati pesa yote inaingia kwa kusuka. Kama na kwako ndivyo, kundi kuu liwe `Hair salon`, na `Beauty salon` libaki kama la nyongeza. Unaruhusiwa hadi tisa ya nyongeza, lakini usiweke `Nail salon` kama kucha anapaka msusi mmoja siku akikosa wateja.

Kisha ingia `Services` na uandike kila mtindo peke yake, kwa jina ambalo mteja analiandika kwenye simu, si jina la kitaalamu. Rasta iwe huduma yake, yebo yebo yake, twende kilioni yake, `knotless` yake, kushonea wivingi yake, kuweka dawa yake. `Knotless` iache hivyo hivyo ilivyo, kwa sababu wasichana wa chuo ndivyo wanavyoitafuta. Kila huduma ina nafasi ya bei na maelezo mafupi ya herufi 300, na hapo ndipo pa kusema kama nywele za kusukia zimo kwenye bei au mteja aje nazo. Hilo la nywele ndilo linaloleta ugomvi kwenye kiti, basi limalizwe mapema. Wakati mwingine mtu akitafuta mtindo ulioutaja, Google humwonyesha mstari mdogo chini ya jina lako kwamba unautoa. Bei zako zikae huku. Kwenye maelezo makuu Google haitaki ofa, matangazo ya bei wala viungo vya tovuti.

Nikiandika upya maelezo yako, yangekuwa hivi. Badilisha pale ambapo nimekisia:

"Tunasuka rasta, knotless, yebo yebo na twende kilioni, tunashonea wivingi na kutunza nywele asili kwa stimu. Tupo Nyegezi, mkono wa kushoto ukitoka stendi ya mabasi kuelekea Butimba, mkabala na duka la dawa. Tuna wasusi wanne. Knotless ndefu huchukua saa tano au zaidi, kwa hiyo kwa Jumamosi weka nafasi siku moja kabla. Nywele za kusukia zipo hapa, au njoo na zako. Wateja wetu wengi ni wanafunzi wa SAUT na wakazi wa Mkolani, Butimba na Mkuyuni. Bibi harusi tunamfuata nyumbani kwa nywele na mekapu."

Hapo hujafika hata herufi 600. Huduma na mahali vimo kwenye sentensi mbili za kwanza, kwa hiyo asiyegusa kuendelea naye amepata anachohitaji. Neno Nyegezi limetokea mara moja. Mitaa mingine imetajwa kwa sababu kweli watu wanatoka huko. Igoma na Buzuruga sikuziweka: mtu wa Igoma akiona jina lake atapiga simu kuuliza tawi lenu liko wapi, na utapoteza dakika tatu kumweleza kwamba halipo. Alama ya njia chagua isiyohama. Duka la dawa au msikiti hukaa miaka. Kibanda cha chipsi leo kipo, kesho kimehamishwa.

Kama kweli mnawafuata maharusi majumbani, jaza sehemu ya `Service area`. Inapokea hadi maeneo 20, na hapo Kirumba na Igoma zinaingia kihalali. Inamweleza mteja kwamba mnafika. Haikuweki juu ya saluni iliyo mlangoni kwake. Kwa kusuka kwa kila siku, la Kirumba liache.

Kitu kimoja usikiguse: jina. Utashawishiwa kuongeza "Kusuka Rasta Mwanza" baada ya jina la saluni, na utaona wenzako wamefanya na wako juu. Mteja wangu mmoja alifanya hivyo bila kuniuliza, ukurasa ukafungiwa kuelekea msimu wa sikukuu, wakati ambao saluni hailali. Jina liwe lile lililo kwenye kibao chako, basi. Ukurasa ukifungiwa, picha ya kibao ni moja ya vitu vitakavyokusaidia kujitetea, na kibao chako hakina maneno hayo.

Maneno ya mtaa na mtindo yanayobaki waachie wateja wayaandike wenyewe. Dada akishuka kwenye kiti na kuanza kujipiga selfi, mtumie kiungo cha maoni kwa WhatsApp hapo hapo. Usimpe punguzo ili aandike, hilo limekatazwa, na usimwekee maneno mdomoni. Muulize tu aseme amesuka nini na ametokea wapi. Akiandika "nimetoka Malimbe kusuka rasta, mikono haiumizi", amekutajia mtaa, mtindo na sifa kwa mpigo, na msomaji anamwamini yeye kuliko wewe.

Baada ya mwezi fungua `Performance` uone watu walitafuta nini hadi wakakufikia. Ukikuta jina la saluni yako tu, hao walikuwa wanakujua tayari, na orodha ya huduma bado haijakuletea mgeni. Rudi ukague kundi kuu na majina ya mitindo. Yakianza kutokea kama "kusuka nyegezi" au "knotless mwanza", hao ndio wageni. Maelezo yaache kama yalivyo hadi utakapoongeza huduma au kuhama fremu.