Bei iliyoandikwa kwenye katoni siyo bei ya kuingiza kwenye leja

Wadogo zangu mnaoanza uhasibu kwenye mashirika ya hisani, nawaandikia kuhusu vitu vya msaada, maana hapa ndipo nilipokosea mwaka wangu wa kwanza, na mkaguzi akanirudishia hesabu.

Tulipokea dawa za minyoo, albendazole ya miligramu 400, vidonge 4,000, kutoka Marekani. Ndani ya katoni kulikuwa na karatasi ya mfadhili: dola 3 kila kidonge, jumla dola 12,000. Nikazidisha kwa shilingi 2,500 tuliyokuwa tukitumia kubadilishia, nikaandika mapato ya shilingi 30,000,000. Nilidhani nimefanya kazi safi.

Mkaguzi aliniuliza swali moja tu: "Mngezinunua wenyewe hapa, mngelipa ngapi?" Nikaenda kuomba proforma kwa wauzaji wa jumla watatu. Zikaja bei za shilingi 140, 150 na 160 kwa kidonge. Tofauti hiyo ilinitisha. Barua ya mfadhili yenyewe ilisema dawa hizo haziruhusiwi kuuzwa Marekani, kwa hiyo bei ya duka la dawa la Marekani haikutuhusu kabisa. Thamani halisi ni ile ambayo muuzaji na mnunuzi wasiolazimishwa wangekubaliana siku mlipopokea mzigo, kwenye soko ambalo bidhaa hiyo inaweza kuuzwa.

Kisha nikarudi stoo na mtunza stoo, tukafungua makopo moja moja tukisoma tarehe. Vidonge 500 vilikuwa vimebakiza wiki tatu tu kuisha muda, na ratiba yetu ya kugawa ilikuwa baada ya miezi miwili. Hakuna ambaye angevinunua, kwa hiyo thamani yake ni sifuri. (Miongozo ya WHO inataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika. Siku hizi tunauliza kabla mzigo haujapakiwa, kwa sababu kuteketeza dawa nako kuna gharama.) Vilivyobaki ni 3,500, kwa shilingi 150: shilingi 525,000. Siyo milioni thelathini.

Kuandika kwenyewe ni hatua mbili, na wengi husahau ya pili. Siku ya kupokea, debiti stoku ya dawa 525,000, krediti mapato ya misaada ya vitu 525,000. Dawa zinapotoka kwenda kwa watoto, debiti gharama za mradi, krediti stoku. Sisi tuligawa vidonge 2,700, yaani shilingi 405,000. Mwisho wa mwaka 800 vilikuwa bado stoo, na shilingi 120,000 zake zikabaki kwenye mizania. Ukiandika yote kuwa gharama siku ya kupokea, utakuwa umedai kuwatibu watoto ambao bado hawajapata kidonge.

Msidhani kukuza thamani ni kosa lisilo na mwathirika. Mwaka ule gharama zetu zote zilikuwa shilingi milioni 60, na za utawala zilikuwa milioni 20, yaani theluthi moja. Mtu akiongeza milioni 30 za dawa kwenye gharama za mradi, utawala unashuka hadi asilimia 22 bila senti moja kuokolewa. Mchangiaji anayelinganisha mashirika anadanganywa. Kwa hiyo mkiona uwiano wa utawala umeshuka ghafla mwaka ulioingia shehena kubwa, anzeni kukagua bei za shehena hiyo.

Kwa watu wanaojitolea, wafadhili wetu wanafuata kanuni za Marekani. Huduma inaingia kwenye hesabu kama imejenga au kuboresha mali ya shirika. Au kama inahitaji ujuzi maalumu, anayeitoa anao ujuzi huo, na mngeinunua kama asingejitolea. Fundi umeme aliyefunga nyaya kwenye wodi yetu mpya aliingia, na thamani ya kazi yake tukaijumlisha kwenye gharama ya jengo. Daktari wa meno aliyehudumia siku 10 aliingia pia, kwa shilingi 150,000 kwa siku, kiasi ambacho tungemlipa daktari wa hapa, wala siyo anacholipwa kwao. Hiyo ni 1,500,000 upande wa mapato na 1,500,000 upande wa gharama, salio halibadiliki. Lakini muuguzi aliyekaa mapokezi akiandikisha wagonjwa hakuingia, kwa sababu hakuutumia uuguzi wake.

Vijana waliofyeka uwanja nao hawakuingia, ingawa walifanya kazi kubwa. Saa zao tulizieleza kwa maneno kwenye maelezo ya hesabu, na daftari la mahudhurio walilosaini bado lipo kwenye faili, pamoja na zile proforma tatu.