Kesho usaili Dodoma: maswali ya usiku wa mwisho

Wiki hii wengi wameuliza kuhusu usaili wa mchujo wa Sekretarieti ya Ajira, hasa wanaosafiri kuja kuufanyia Chuo Kikuu cha Dodoma.

Kitambulisho changu cha Taifa kimeandikwa "Ally", vyeti vinasema "Ali". Kuna shida? (Kondoa)

Ipo, na itajitokeza mlangoni. Msimamizi anashika orodha iliyotoka kwenye maombi yako ya Ajira Portal, anaangalia kitambulisho, anasoma jina herufi kwa herufi. Hajui wewe ni nani zaidi ya karatasi hizo mbili, na kazi yake ni kuzuia mtu kumfanyia mwenzake mtihani.

Toa vitambulisho vyako vyote leo usiku uvipange mezani: cha mpiga kura, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, cha kazi. Kimoja kikiwa na "Ali" kama vyeti na maombi yako, na kimetajwa kwenye tangazo la usaili, hicho ndicho cha kuonyesha. Kama vyote vinasema "Ally", matangazo hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria, na hiyo haipatikani kwa usiku mmoja: wakili anaiandaa, kisha inakwenda kwa Msajili wa Hati. Kama unayo, beba ile halisi. Kama huna, nenda na kila ulicho nacho, ufike miongoni mwa wa kwanza ili ueleze jambo lako kabla foleni haijawa ndefu, lakini ujue kuwa unaweza kurudishwa. Anza kushughulikia hati hiyo wiki hii hii, maana tofauti hiyo itakufuata kwenye kila usaili.

Kadi ya NIDA sijaipata, nina namba tu. Nimepiga picha kitambulisho cha kura kwenye simu. Inatosha? (Mpwapwa)

Hapana. Namba ya tarakimu 20 haina sura yako, kwa hiyo haimthibitishii msimamizi kwamba aliyesimama mbele yake ni wewe. Picha ya kwenye simu nayo inakwama kwa sababu simu huzimwa na kuachwa nje. Beba kadi yenyewe ya mpiga kura.

Kwa sababu hiyohiyo ya simu, ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal usiku huu, unakili namba yako ya usaili kwenye karatasi. Namba hizo hazigawiwi siku ya usaili. Weka karatasi hiyo, kadi na vyeti halisi katika bahasha moja. Hati ya matokeo haichukui nafasi ya cheti.

Kalamu ngapi, na saa ya mkononi je? (Manyoni)

Kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi, ambazo umeshaziandikia. Saa ya kawaida ya mishale haina tatizo kubwa, ila ile inayounganishwa na simu iache kabisa. Kikokotoo usibebe kama tangazo halikukitaja.

Nimepanga kulala saa mbili ili niamke na nguvu. Ni sawa? (Singida)

Kama kawaida yako ni saa nne, utagaagaa kitandani na kuanza kuhesabu saa zilizobaki. Lala saa tatu na nusu. Chai ya rangi na kahawa ziishie saa kumi jioni, kwa kuwa saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Usingizi ukikataa, endelea kulala kimya gizani bila kurudi kwenye madaftari.

Usaili ni saa 1:00 asubuhi, nimefikia gesti ya Majengo. Niamke saa ngapi? (Kibaigwa)

Hesabu ukirudi nyuma. Uwe kwenye jengo saa 12:00, kwa sababu ukaguzi unafanyika kabla ya mtihani. Uondoke gesti saa 11:15, uamke saa 10:15. Kwenye simu nyingi muda huo huandikwa 04:15; anayeweka 10:15 ataamka mtihani umeshaanza. Saa nzima kabla ya kutoka si ya anasa, maana ule uzito wa usingizi huchukua nusu saa au zaidi kuisha.

Kosa linalowaumiza wageni ni kumwambia bodaboda "nipeleke UDOM". Chuo kile kina ndaki kadhaa zilizotawanyika mlimani, na ukishushwa Ndaki ya Elimu wakati usaili uko Ndaki ya Insia, utatembea gizani ukiuliza njia. Soma tangazo, taja ndaki na jengo, na upatane na dereva leo jioni: nauli, namba yake, na saa ya kukufuata. Alfajiri ya Dodoma ina baridi na upepo, hasa Juni na Julai, kwa hiyo vaa sweta unaloweza kulivua ukishaketi.