Maswali yenu: sangara wetu, faida ya kisiwani

"Kaka shikamoo. Mimi nafanya kazi kiwanda cha minofu huku Ilemela, makontena yanatoka kila wiki lakini bosi anasema kampuni haina faida. Inawezekanaje?" – Binti wa Igoma

Marahaba mdogo wangu. Ngoja tuanzie mwaloni maana kule utaielewa haraka kuliko kwenye vitabu vya hesabu. Tuseme mwenye mtumbwi kakubaliana na wavuvi wake kwamba mgao unatoka kwenye mauzo. Mtumbwi ukifika asubuhi samaki wote anamuuzia mke wake kwa bei ya kutupa, mgao unapigwa kwa bei hiyohiyo, halafu mama anapakia kwenye guta na kwenda kuuza Kirumba kwa bei halisi. Hela yote imeingia nyumba moja ila wavuvi wamegawana makombo. Kwenye makampuni makubwa mvuvi ni TRA, na mke ni kampuni dada iliyosajiliwa kisiwani ambako kodi ya mapato ni sifuri.

Tuweke namba, za mfano tu. Kiwanda kinatoa kilo milioni 10 kwa mwaka, kila kilo inagharimu dola 4 na Ulaya inauzwa dola 6. Faida ya kweli ni dola milioni 20, na kodi yetu ya makampuni ni asilimia 30, kwahiyo TRA wachukue milioni 6. Sasa kiwanda kinaiuzia kampuni dada ya kisiwani kwa dola 4.40. Mwanza inabaki faida ya milioni 4 na kodi ya milioni 1.2, kisiwani zinabaki milioni 16 na kodi hamna. Tumepoteza milioni 4.8, na samaki mwenyewe kisiwa hajakiona hata kwa mbali, kontena limetoka hapa hadi bandarini na moja kwa moja kwa mteja, kilichopita kisiwani ni invoisi tu. Ukiongezea riba ya mkopo kutoka kwa kampuni mama na ada ya kutumia jina la kampuni, hata ile milioni 4 inaweza kuyeyuka, ndo hapo bosi anakwambia hamna faida.

Zamani nikiwa mkaguzi niliwahi kushika faili la namna hii, kampuni siitaji. Muuzaji yuko Tanzania, mnunuzi yuko nje, anwani ya mnunuzi ni sanduku la posta, na sahihi ya muuzaji na ya mnunuzi zimewekwa na mtu mmoja kwa kalamu ileile.

"Sasa huo si wizi wa wazi? Kwanini wasikamatwe?" – Msomaji, Musoma

Kuuziana ndugu kwa ndugu sio kosa. Kosa ni bei. Sheria inataka waandikiane bei ambayo wangeuziana watu wasiojuana, na ikiwa sivyo TRA wana haki ya kuipandisha kwenye hesabu na kudai kodi yao. Kazi ipo kwenye kuthibitisha.

Wenzetu Zambia wamewahi kushinda. Kampuni ya shaba ya Mopani ilikuwa inaiuzia Glencore ya Uswisi, ambao wakati huo walikuwa ndugu, kwa bei za chini kuliko ilizowauzia wateja wa nje. Mamlaka ya mapato wakashika hapohapo, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Lakini angalia, kodi iliyobishaniwa ni ya miaka ya 2006 hadi 2009, yaani zaidi ya miaka kumi mmekaa mnasubiri hela yenu. Na shaba ina bei ya dunia inayotangazwa kila siku, pa kulinganishia papo. Ada ya jina la kampuni utailinganisha na nini, jina si lipo moja tu?

Dalili za kutazama ni kama zile za kwako Binti wa Igoma: kampuni ina hasara mwaka baada ya mwaka ila inaongeza mashine na majengo, huku tawi la kisiwani lenye wafanyakazi wawili lina faida kuliko kiwanda chenye watu mia tano.

"Nasikia dunia imekubaliana kodi ya makampuni makubwa isipungue asilimia 15. Hiyo 15 inakuja kwetu?" – Mwl. wa Bukoba

Mwalimu, sehemu kubwa haiji, na hapa watu wengi wanajichanganya.

Makubaliano ni ya Oktoba 2021 chini ya OECD, yaani jumuiya ya nchi tajiri, na G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, nchi 136 zilikubali, Kenya na Nigeria wakakaa pembeni wakati ule. Hoja ya waliokubali ni kwamba ukimkimbiza mwenye kampuni kwa kesi za bei utachoka, bora umuondolee faida ya kukimbia. Kundi la makampuni likiwa kubwa, kila nchi wanakopata faida inapigiwa hesabu wamelipa asilimia ngapi, na ikipungua 15 kuna mtu atachukua tofauti. Wa kwanza kwenye foleni ni nchi yenyewe yenye hiyo faida kama imejitungia sheria ya kuitoza, asipoitoza anachukua nchi ya kampuni mama, na huyo naye akilala zinagawana nchi nyingine zenye matawi.

Turudi kisiwani kwetu. Milioni 16 mara asilimia 15 ni milioni 2.4. Inachukua kisiwa au nchi ya kampuni mama, Mwanza sifuri. Ila sasa hesabu ya mwenye kampuni imebadilika: mchezo ulikuwa unamuokolea milioni 4.8, leo unamuokolea 2.4 tu, na bado analipa mawakili, wahasibu na ile ofisi ya sanduku la posta. Kwa wengine mchezo hautakuwa na maslahi tena, na faida irudi kutozwa 30 hapa. Kwa wengine nusu bado inanoga. Ndo maana mimi naiona 15 ni ndogo kwa nchi zetu zinazotoza 30, pengo limepungua ila halijazibwa.

Na kuna tobo. Juni 2025 nchi za G7, lile kundi la mataifa saba tajiri, zilielewana kwamba makundi yenye makao Marekani yasitozwe ile foleni ya pili na ya tatu, kwa hoja kwamba Marekani ina kodi yake ya kiwango cha chini. Ya kwanza haijaguswa, kwahiyo nchi yenye faida ikitunga sheria yake inakula hata kwa Mmarekani.

"Kwahiyo misamaha ya kodi kwa wawekezaji tuiendeleze au tuache?" – Msomaji, Nyegezi

Hapa ndo pananiuma. Kwa utaratibu wa EPZ, yaani maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, mwekezaji alikuwa anasamehewa kodi ya mapato miaka 10 ya mwanzo. Chukua kiwanda cha kundi kubwa la Ulaya, faida milioni 10, kodi hapa sifuri. Sheria ya hiyo 15 inaruhusu kuondoa kwanza sehemu kidogo kwa ajili ya mishahara na mitambo halisi iliyopo, tuseme milioni 2. Inayobaki milioni 8 inatozwa 15, milioni 1.2, na anayeichukua ni serikali ya Ulaya. Mwekezaji hajapata nafuu kwenye hiyo milioni 1.2, sisi tumekosa, tumemsamehe kumbe tumeichangia hazina ya mtu mwingine. Mwekezaji wa namna hiyo tumtoze wenyewe mpaka 15, hatakimbia kwa sababu angeilipa popote.

"Nina duka la nyavu na kamba hapa Kirumba, hiyo 15 itanihusu?" – Mama Juma

Mama, inaanzia kwenye makundi yenye mauzo ya euro milioni 750 kwa mwaka, zaidi ya shilingi trilioni mbili. Siku nyavu zikifika huko nipigie, nije kuomba kazi ya uhasibu.