Sini inatoka wapi katika sheria ya kupinda kwa mwanga?

"Mwanga ukiingia majini, kwa nini kinachobaki sawa ni uwiano wa sini, si wa pembe zenyewe?"

Mdogo wangu, aliyetangulia kujibu amesema kweli kwamba mwanga hupungua kasi majini, lakini sini huzaliwa na mchoro wa Huygens, mwanafizikia Mholanzi, ambamo kila nukta ya uso wa wimbi huanzisha kiwimbi chake. Chukua maji tulivu ya ziwa pale Capri Point: uso wa wimbi AB umegusa maji kwa ncha A, na ncha B ingali hewani ikielekea C kwenye uso wa maji. Wakati B inafika C, kiwimbi kilichoanzia A kimetanuka majini kwa robo tatu tu ya BC. Chora duara lake, kisha kutoka C vuta mstari unaoligusa mahali pamoja tu, D, nao CD ndio uso mpya. Pembetatu ABC na ADC zina pembemraba kule B na D na zinashiriki upande mrefu AC, hivyo sini za pembe ya kuingia na ya kupinda ni BC/AC na AD/AC, na ukizigawanya AC inajifuta, unabaki uwiano wa kasi tu, usiobadilika. Mwanga ukiingia kwa nyuzi 45, majini huwa takriban 32.

Katika kuakisi, kiwimbi hubaki hewani, AD hulingana na BC, na pembe hulingana. Samaki aliye majini, anayeonekana juu kuliko alipo, anahitaji mchoro mwingine. Kwa nini viwimbi havirudi nyuma, mchoro huu haujibu.