Kabla hujaweka nembo ya mkahawa kwenye maandamano

Wadogo zangu mnaoshika kurasa za maduka na mikahawa hapa Kisumu, kila nchi ikichemka mnarudia yale yale: bango jeusi, nembo pembeni, na chini yake namba ya kuagiza chakula. Hebu tukae kidogo.

1. Ongea jambo likigusa unachouza, tena uwe na hesabu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Tuseme mkahawa wa Kondele unanunua mikate 20 kwa siku, shilingi 65 kila mmoja. Kiwanda kikiongeza kodi yote, ni shilingi 10.40 kwa mkate, 208 kwa siku. Posti ni hiyo: "Mkate ukipanda hivi, chai na slesi mbili itapanda." Mteja anaelewa, na hakuna chama kilichotajwa. Ila mwokaji ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujisajili kwa VAT. Akilia kwamba mkate wake mwenyewe utatozwa 16, mhasibu mmoja tu kwenye maoni atamuumbua.

2. Posti huchacha. Tarehe 18 Juni mwaka huo ilitangazwa kwamba VAT ya mkate imeondolewa. Rekebisha siku hiyo hiyo.

3. Hapa ndipo mnaponichosha. Jumanne tarehe 25 Juni watu waliuawa kwenye maandamano ya kupinga mswada huo. Sasa hesabu ya mkate iweke kando. Lakini tangu Jumapili mkahawa ulishapanga posti: "Jumatano ya utamu! Nunua chai, mandazi bure!" Saa mbili asubuhi inatoka yenyewe, wenzako wakitafuta ndugu zao hospitalini, na aliye na nywila bado amelala. Kwa hivyo usiku ule ule ingia Meta Business Suite, fungua Planner, ondoa kila kilichopangwa. Hapo wengi hudhani wamemaliza, kumbe matangazo ya kulipia yanaendelea kula pesa. Hayo yazime kwenye Ads Manager. Kisha soma ujumbe wa kujijibu wa WhatsApp Business, ule wenye vikaragosi vinavyocheka. Nywila iwe na watu wawili.

Ikishatoka, ifute na ukiri kwa sentensi moja: "Tulikosea kuacha ofa itoke leo, poleni." Ukiongeza "kama kuna aliyekwazika", umeanza upya.

Kunyamaza si kupotea. "Leo tunafunga saa saba mchana, walioagiza keki tutawapigia" ni habari ya kazi, na mteja anaihitaji. Rambirambi ukitoa, isiwe na namba wala bei.

4. Ukabila, matokeo ya kura yasiyo rasmi, video usiyojua ilikotoka: kimya kabisa. Sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa kuchapisha uongo kwa kukusudia. Na simu ya duka isiwe ndiyo hiyo hiyo ambayo kijana wa kaunta anabishania siasa na mashemeji zake usiku.