Video yenye lebo na video iliyoondolewa Facebook

Swali: "Video ya ukurasa wangu kuhusu mwarobaini na malaria imewekewa lebo ya False, na watazamaji wamepungua sana. Nyingine, ya siku ya kupiga kura, imeondolewa kabisa. Nikiifuta hiyo ya kwanza, adhabu itaisha?" (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Usiifute, ndugu. Kuifuta video iliyokwisha kuhakikiwa hakufuti kosa lililohesabiwa kwenye ukurasa wako, na utapoteza mahali pa kuweka masahihisho, ambayo ndiyo yanayoweza kuiondoa lebo.

Lebo hiyo haikuwekwa kwa uamuzi wa wafanyakazi wa Facebook. Hutokana na wahakiki wa nje wenye mkataba na kampuni ya Meta, na kwa Kenya wamo Africa Check na PesaCheck. Hawa hawana uwezo wa kuondoa video. Huipa daraja tu. Ikipewa False, Facebook huifunika kwa onyo, humtahadharisha anayetaka kuisambaza, na huishusha sana isiwafikie watu. Partly False hushushwa kwa kiasi kidogo kuliko hiyo. Ukurasa unaorudia makosa huweza kupunguziwa usambazaji wa machapisho yake yote na kunyimwa matangazo na malipo.

Fungua makala ya mhakiki iliyounganishwa na lebo, utafute ni sentensi gani hasa iliyopingwa. Tuseme video ina dakika nne, tatu kati yake zikieleza vyema chandarua na kupima damu, kisha ukamalizia kwamba anayekunywa maji ya mwarobaini hahitaji dawa ya hospitali. Kosa limo katika sentensi hiyo moja, na ni zito kwa sababu mgonjwa akiifuata atachelewa kutibiwa. Andika mwanzoni kabisa mwa maelezo ya video neno "Masahihisho", utaje kauli yenyewe na ukweli wake, kisha umwandikie mhakiki, si Facebook, ukimpa kiungo. Kubadilisha daraja ni uamuzi wake.

Video ya kura ni jambo jingine, kwa kuwa Meta yenyewe huondoa taarifa potofu kuhusu tarehe, mahali au namna ya kupiga kura. Hapo neno moja huweza kuharibu video nzima. Tarehe 8 Agosti 2022, mkesha wa uchaguzi mkuu, IEBC iliahirisha uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega, lakini kura ya urais ikabaki kesho yake. Aliyesema "kura ya gavana imeahirishwa Mombasa" alisema kweli. Aliyesema "Mombasa hakuna kura kesho" alimzuia mpiga kura nyumbani. Pima maneno yako kwa kipimo hicho. Ukiona yalikuwa sahihi, omba rufaa kupitia taarifa uliyoletewa ya kuondolewa, na usiipandishe tena video ileile kabla ya kujibiwa, kwani nakala yake huweza kutambuliwa, ikaondolewa na kukuongezea kosa la pili.