Mayai ya siki bila friji

"Nimechemsha mayai, nikayatoboa kwa kijiti cha meno ili siki iingie haraka. Yatakaa mwezi kabatini bila friji?"

Hapana. Kama tayari yamelala nje, yatupe bila kuonja. Anayesema kwamba siki inaua kila kitu yuko sahihi nusu: inazuia bakteria wa botulini, wanaotoa sumu ya kupoozesha, pale tu ilipofika, na kwenye kiini inafika polepole sana. Kijiti chako kinaweza kuingiza vijidudu mle kabla ya siki kufika.

Mwaka 1997 huko Illinois, Marekani, mtu alitoboa hivyohivyo, akaiacha chupa siku 7 nje ya friji, akala, akapooza. Siki ya chupani ilipopimwa ilikuwa kali, kipimo cha pH 3.5, ambapo namba ndogo ndiyo kali zaidi, lakini kiini kilikuwa 6.8, karibu sawa na maji matupu. Sumu ilikuwa imejaa humo kwenye kiini, na huwezi kuitegemea pua ikuonye.

Anza upya. Chemsha mpaka kiini kigande, menya, usitoboe. Pakia kwenye chupa iliyochemshwa, mimina siki ya asilimia 5 ikiwa inachemka hadi mayai yazame, kisha friji moja kwa moja. Mayai madogo yape wiki 1 hadi 2 yakolee, makubwa hadi 4, yaliwe ndani ya miezi 3.

Dada uliyeuliza kuhusu mayai ya bata ya chumvi ya Kichina, hayo ni mengine: yanalowekwa mabichi na ganda lake kwenye maji ya chumvi kama mwezi, na yanabaki mabichi. Lazima uyachemshe kabla ya kula.